Chanjo ya Juma la Sita na Tabasamu la Kwanza: Wito kwa Familia za Lusangi

Akina mama na akina baba wa Lusangi, ndugu zetu wa Kasongo na Kabambare, bibi na babu mnaolea wajukuu, nina ombi moja kwenu, na halihitaji hata franka moja.

Mtoto akitimiza majuma sita mnamfunga kitenge na kumpeleka kituo cha afya. Anawekwa kwenye mizani, anadondoshewa matone ya polio, anachomwa penta ya kwanza, tarehe inaandikwa kwenye fishi, kisha mnarudi nyumbani. Naomba siku hiyo liongezwe swali moja tu: "Mtoto ameanza kucheka na watu?" Muuguzi akiliuliza, vizuri. Asipouliza, mama aseme mwenyewe. Na mkirudi juma la 10 na juma la 14 kwa penta ya pili na ya tatu, swali hilo liulizwe tena.

Siku za chanjo nimezichagua kwa sababu. Watoto wengi huanza kumchekea mtu kati ya juma la sita na la nane. Kwa hiyo penta ya kwanza inaangukia pale tabasamu linapotarajiwa kuanza, ya pili inaangukia wakati ambao wengi wamekwisha kuanza, na ya tatu inaangukia wakati ambao mtoto asiyecheka bado hapaswi kurudi nyumbani bila kuangaliwa. Safari hizo tatu mnazifanya hata hivyo. Kinachobaki ni kuuliza.

Na sisi si wageni wa mambo haya. Kuanzia mwaka 1971 Kasongo ilikuwa mahali pa mradi wa afya uliofanywa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji. Hapo ndipo palipojaribiwa mtindo wa kituo kidogo cha afya kinachowajua watu wake na kinachoshikamana na hospitali yake. Mwaka 1981 matokeo ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo yalichapishwa katika jarida la Lancet la London, na madaktari wa nchi nyingi wakayasoma. Watoto wa huku waliwahi kupimwa kwa makini kiasi hicho. Leo naomba tuwatazame na usoni.

Tabasamu la usingizini na tabasamu la macho wazi

Tangu siku za kwanza mtoto mchanga hutabasamu akiwa usingizini. Pembe ya mdomo inavutika, wakati mwingine upande mmoja tu, kisha inaachia. Wazee husema anacheka na malaika. Ukimtazama vizuri utaona macho yanacheza chini ya kope na pumzi haiendi sawasawa: huo ni usingizi mwepesi, na tabasamu hilo linatoka ndani ya mwili wake mwenyewe. Hata mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati analo. Ni zuri kulitazama, lakini hamchekei mtu, na silo ninalouliza.

Ninalouliza huja mtoto akiwa macho. Anakutazama usoni, anatulia, mikono na miguu inasimama kidogo. Halafu macho yanapanuka, mashavu yanapanda, mdomo unafunguka pande zote mbili, na mara nyingi miguu inapiga teke kwa furaha. Alama yake kubwa ni kwamba linajibu. Ukisema naye linakuja, ukinyamaza linapungua, ukisema tena linarudi. Likitokea mara moja usikimbilie kusema ameanza. Likirudi kesho, tena kwa uso ule ule au sauti ile ile, basi ameanza.

Wanaohesabu arobaini wataona jambo la kupendeza hapa. Mama na mtoto wanatoka nje siku ya 40, na tabasamu la macho wazi huanza karibu na siku ya 42 au baadaye kidogo. Wageni waliokuja kumwona mtoto siku za mwanzo walikuta analala na kunyonya tu, na sasa kila anayemwinamia anaweza kupata jibu. Huo ndio wakati wa kumpa nyuso, na hasa nyuso zile zile za nyumbani.

Kabla ya hapo mtoto hakukaa bure. Sauti ya mama aliizoea tangu tumboni, maana katika miezi ya mwisho ya mimba masikio yake yalikwisha kusikia. Harufu ya maziwa ya mama aliijua katika siku chache. Macho ndiyo yaliyochelewa: mtoto mchanga huona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani shubiri moja na ziada kidogo. Huo ndio umbali kati ya titi na uso wa mama anayenyonyesha. Kitu kilicho mbali zaidi anakiona kama ukungu. Kwa hiyo anayemsemesha mtoto wa mwezi mmoja akiwa amesimama mlangoni anampa sauti peke yake.

Jinsi ya kukaa naye

Chagueni wakati. Mtoto wa umri huu hana muda mrefu wa kuwa macho na kutulia. Mara nyingi ni baada ya kunyonya na kucheua, kabla usingizi haujamchukua, na huenda ikawa dakika chache tu. Akiwa analia kwa njaa au anasinzia, muda wake bado.

Kaa mahali ambapo mwanga unaangukia uso wako. Hili linasahaulika sana katika nyumba zetu zenye madirisha madogo. Mama akikaa kizingitini mgongo ukiwa nje, mtoto anaona umbo jeusi mbele ya jua. Ageuke, yeye atazame nje na mtoto atazame ndani, na uso wote utaonekana. Mlaze mtoto juu ya mapaja yako, kichwa kikiwa magotini, shingo ikishikwa na mkono, kisha uiname mpaka ibaki ile shubiri na ziada.

Nyamaza kwanza. Mwache akupate kwa macho. Akitulia, mwite jina lake polepole, kwa sauti ya kuvuta, kama mnavyowasemesha watoto siku zote. Kisha nyamaza tena. Kunyamaza huku ndiko wengi tunakokosea: tunasema, tunapiga makofi, tunamtikisa, tunasema tena, naye hapati nafasi. Mtoto wa majuma sita ni mzito kujibu. Hesabu moyoni mpaka kumi. Utaona ulimi unatoka kidogo, midomo inajipanga, pumzi inaongezeka, kidole kinafunguka. Huko ni kutafuta jibu. Likija tabasamu, au sauti ndogo ya "aaa" au "guu", umrudishie lile lile: cheka naye, toa sauti yake. Kisha ngoja tena. Hayo ni mazungumzo, na kufikia mwezi wa tatu mtoto anajua vema kwamba akitoa sauti mtu atamjibu.

Msidhani nawaambia muache kubeba watoto mgongoni. Mtoto wa mgongoni anasikia moyo, joto na mwendo wa mama, naye analia kidogo. Ila mgongoni haoni uso. Kwa hiyo tumieni nyakati ambazo kitenge kinafunguliwa: akinyonya, akiogeshwa, akipakwa mafuta, akibadilishwa nguo. Hakuna kazi ya shamba itakayosimama kwa ajili hiyo, maana nyakati hizo zipo tayari.

Watafiti waliwahi kuwalinganisha akina mama Wanso, wakulima wa Kameruni, na akina mama wa mji wa Münster, Ujerumani. Watoto walipokuwa na majuma sita, tabasamu la pande zote mbili lilikuwa karibu sawa. Walipofika majuma 12, watoto wa Münster walikuwa wakitabasamu zaidi, kwa sababu mama zao walikuwa wakicheka nao uso kwa uso mara nyingi na kuwaiga. Watoto wa Kinso hawakuwa wagonjwa: mama zao wanathamini mtoto mtulivu, nao waliwapa mwili na mwendo zaidi kuliko uso. Tunachojifunza ni kwamba tabasamu la kwanza huja lenyewe kwa wakati wake kila mahali, bali kuongezeka kwake kunafuata majibu linayopata.

Mtoto anasema kabla ya kulia

Kilio ni neno la mwisho la mtoto mwenye njaa. Kabla yake husema mengine: anageuza kichwa huku na huku akitafuta, anafungua mdomo, anaramba midomo, anapeleka ngumi mdomoni. Akipewa titi hapo hushika vizuri. Akingojewa mpaka alie kwa hasira, ulimi unapanda juu, anashika vibaya na kumeza hewa, na mama anadhani titi limekataliwa.

Ishara nyingine ambayo wengi huisoma vibaya ni kugeuza uso. Mmekuwa mkicheka naye, mara anatazama ukutani. Bibi anamshika kidevu na kumrudisha, mjomba anapiga vidole karibu na macho yake, na mwishowe mtoto analia. Hakumkataa mtu. Kutazamana kunamchosha, naye anapumzika kwa njia pekee aliyo nayo. Wengine hupiga chafya, hupata kwikwi, hutanua vidole au kukunja mgongo nyuma. Mngoje. Akiwa tayari atageuka mwenyewe, na mara nyingi atageuka na tabasamu jingine.

Sasa kuna jambo linalozitia familia hofu hasa katika majuma haya. Kilio cha mtoto huongezeka tangu juma la pili, kinafika kileleni karibu na juma la sita, kisha kinapungua hadi mwezi wa tatu au wa nne. Hivyo ndivyo kilivyo katika nchi nyingi walikokichunguza, hata kwa watoto wanaobebwa mchana kutwa, ingawa hao hulia muda mfupi zaidi kila mara. Yaani mtoto huanza kucheka katika siku zile zile anazolia zaidi, hasa jioni. Hapo ndipo jirani anaposema, "Maziwa hayatoshi," na kikombe cha maji au uji wa muhogo kinaletwa. Tafadhali msifanye hivyo. Maji na uji huleta kuhara, tena hulijaza tumbo mtoto asinyonye, na titi lisiponyonywa maziwa hupungua kweli. Ukitaka kujua kama maziwa yanatosha, hesabu mikojo: mara sita au zaidi kwa mchana na usiku ni dalili njema. Kisha sikiliza mizani ya siku ya chanjo. Mtoto anayekojoa hivyo na kuongezeka kilo anashiba, hata kama jana jioni alilia saa mbili.

Kwa kilio cha namna hiyo, titi kwanza. Kisha mbebe wima kifuani, ngozi kwa ngozi, tembea, imba taratibu. Na ukiona hasira inakupanda, mpe mtu mwingine mtoto, au mlaze chali mahali salama utoke nje upumue. Kumtikisa mtoto hata mara moja kunaweza kuuvujisha damu ubongo wake.

Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifanya kazi Uganda mwaka 1954 na 1955, katika vijiji karibu na Kampala. Aliwafuata watoto 28 nyumbani kwao, miezi kwa miezi, akikaa na mama zao na kuongea nao. Alipotafuta kilichowatofautisha watoto waliotulia na kumtegemea mama bila wasiwasi na wale waliokuwa na mashaka, jambo moja lilijitokeza: mama wa watoto waliotulia walikuwa wasimulizi wazuri wa watoto wao. Ukimuuliza mama kama huyo habari za mtoto, alikuwa na mengi ya kusema bila kuvutwa: anapenda kulala vipi, jana alifanya nini, nani anamtuliza. Aliyaona kwa sababu alikuwa akitazama. Ndiyo maana swali langu la siku ya chanjo ni la mama. Mama akijua ataulizwa, atatazama nyumbani kabla ya kuja.

Mikono mingi, na uso wa mama ukiinama

Huku kwetu mtoto halelewi na mama peke yake, nasi tusilione hilo kuwa kasoro. Miaka ya 1980 Edward Tronick na wenzake waliwachunguza Waefe wa msitu wa Ituri. Watoto wa majuma matatu walikuwa mikononi mwa watu wengine kwa asilimia 39 ya muda, na walipofika majuma 18 ilikuwa asilimia 60. Shangazi, bibi, dada na majirani wote walishika zamu, naye mtoto alilelewa vizuri. Kwa hiyo mama anaporudi shambani au sokoni na kumwachia mtoto binti yake wa miaka minane au tisa, binti huyo naye afundishwe: ashike shingo, akae uso kwenye mwanga, anyamaze angoje, na ajue kwamba mtoto akigeuza kichwa anapumzika. Watoto wakubwa hujifunza haya upesi, maana kwao ni mchezo.

Akina baba, msiache jambo hili liwe la wanawake. Mtoto wa miezi miwili hacheki na mama peke yake. Anacheka na uso anaouona kila siku kwa karibu. Baba anayerudi jioni na kukaa na mtoto robo saa baada ya kunyonya atapata tabasamu lake. Anayengoja mtoto aanze kutembea ndipo amchukue amepoteza mwaka mzima.

Tronick huyo huyo mwaka 1978 alichapisha jaribio linalotuhusu sana. Alimwomba mama acheze na mtoto wake mdogo, kisha aukaze uso kwa dakika chache, asicheke wala asiseme. Mtoto alijaribu kumrudisha: alitabasamu, alimtazama, alipunga mikono. Alipokosa jibu aligeuza uso, akajikunja. Mama wa jaribio lile alirudi kucheka mara tu muda ulipokwisha, na mtoto akarudi kwake. Lakini yuko mama ambaye uso wake umekaa hivyo kwa majuma mengi. Amekimbia kijiji usiku kwa sababu ya vita, amezika mtoto wa kwanza, ameachwa, au huzuni imemshika tu baada ya kujifungua bila sababu ya kuonekana. Halali hata mtoto akilala, hali, anaona hafai kuwa mama. Hali hiyo ikipita majuma mawili ni ugonjwa, nao unatibika. Msimwambie ajikaze kucheka. Mpelekeni kituo, mpunguzieni kazi ya maji na kuni, mleteeni bukari na sombe, na mtu mwingine wa nyumbani awe anamchekea mtoto mpaka mama apate nguvu. Akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata saa moja, apelekwe siku ile ile.

Tuhesabu pamoja

Chukua mtoto aliyezaliwa tarehe 2 Machi, mimba ikiwa imetimia. Juma la sita linaangukia tarehe 13 Aprili, penta ya kwanza. Mama anaulizwa kama ameanza kucheka, anasema, "Bado, lakini ananikazia macho nikimnyonyesha, na akisikia sauti yangu ananyamaza." Hilo ni jibu zuri. Mtoto anayetazama uso na kutulizwa na sauti yuko njiani. Muuguzi anamwonyesha namna ya kukaa na kungoja, wanaagana. Tarehe 11 Mei, penta ya pili, mama anasema ameanza tangu siku kumi, anamchekea yeye na kaka yake. Inaandikwa kwenye fishi. Tarehe 8 Juni, penta ya tatu, anatoa sauti, anajibizana, anafurahi mtu akimkaribia hata kabla hajashikwa.

Sasa mtoto mwingine kazaliwa tarehe ile ile 2 Machi, ila alitarajiwa tarehe 30 Machi. Amewahi kwa majuma manne. Sindano zake hazingoji: zinafuata siku aliyozaliwa, tarehe 13 Aprili kama mwenzake. Tabasamu lake linahesabiwa tangu siku aliyotarajiwa, maana ubongo unakomaa kwa hesabu ya mimba. Kwake juma la sita la tabasamu ni tarehe 11 Mei, siku ya penta ya pili. Asipocheka Aprili hakuna la kushangaza, wala mama asiambiwe mtoto ni mzito. Ndiyo maana muuguzi aandike kwenye fishi kama mtoto aliwahi, na kwa majuma mangapi.

Ikiwa mtoto aliyezaliwa kwa wakati amefika penta ya pili bila kumchekea mtu, tusipige kelele wala tusipuuze. Muuguzi atazame uzito umepanda vipi, aulize kama mtoto alichelewa kulia alipozaliwa, kisha apitishe uso wake taratibu mbele ya mtoto kutoka upande mmoja hadi mwingine aone kama macho yanafuata. Asogee pembeni asipoonekana, aseme, aone kama mtoto anabadilika. Mtoto anayechangamkia sauti na si uso huenda ana shida ya macho. Anayechangamkia uso na hashtuki mlango ukibamizwa huenda ana shida ya masikio. Hiki ni kidokezo tu, si uamuzi: kituo kidogo hakina vifaa vya kupima sawasawa, na mtoto apelekwe hospitali kuu. Mboni ya jicho ikionekana nyeupe ndani, asingojee chanjo inayofuata, apelekwe mara moja. Na kwa mtoto aliyezaliwa kwa wakati, penta ya tatu ndiyo mwisho wa kungoja: asiyecheka na mtu juma la 14 aonwe na daktari.

Jambo la mwisho katika hesabu hii ni mtoto aliyekuwa akicheka, kisha ameacha. Ikiwa pia hataki kunyonya, amelegea, ana degedege, mwili ni moto au baridi isivyo kawaida, kifua kinabonyea akivuta pumzi, au akiwa ametulia anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika moja kabla ya kutimiza miezi miwili, au mara 50 au zaidi akishaitimiza, hiyo ni hatari ya leo. Nendeni kituo saa hiyo hiyo, hata usiku, huku mkimpa titi njiani kama anaweza kunyonya.

Kila mmoja na sehemu yake

Wauguzi wa zoni ya afya ya Lusangi na za jirani, nawaomba mwandike neno moja kwenye fishi siku za penta tatu, pembeni ya kilo: "anacheka" au "bado". Foleni ni ndefu, nalijua hilo, lakini swali hili linaulizwa mkono ukiwa bado unaandaa sindano. Liulizeni kabla ya kuchoma, kwa sababu baada ya sindano hakuna mtoto atakayemchekea mtu.

Reko wetu wa vijijini, mnapopita kukumbusha tarehe za chanjo, kumbusheni na swali hili. Mkikuta mama anayejibu kwa neno moja, macho chini, kila mnapofika, mwandikeni na mrudi.

Maimamu, mapadri na wachungaji, mnapoombea mtoto wa siku 40 au kumpokea kanisani, iambieni familia mbele ya watu kwamba huyu sasa yuko karibu kuanza kucheka, na kwamba anahitaji kujibiwa na baba pia.

Na wewe mama mwenye mtoto wa mwezi mmoja, anza leo baada ya kunyonyesha. Itazame tarehe ya penta kwenye fishi yako, na ukifika kituoni usingoje kuulizwa. Mwambie muuguzi umeona nini: anamtazama nani, sauti ya nani inamtuliza, ameanza kumchekea nani. Ukiwa hujaona kitu, mwambie hilo pia, bila aibu, kabla hujafunga kitenge kurudi nyumbani.